Oili ya Kwanza Ni ya Kumwagwa

Kinga kwenye beseni jeupe oili inayotoka kwenye injini iliyofungwa upya juzi tu, ipeleke juani, kisha itikise kidogo. Ndani ya ule weusi litaonekana wingu la rangi ya fedha likizunguka polepole, laini mno kiasi kwamba vidole haviwezi kulihisi. Hicho ni chuma. Kimetoka kwenye kuta za silinda, kwenye ringi, kwenye kamshafti na kila mahali ambapo vipande viwili vimekutana kwa mara ya kwanza na kuanza kusuguana.

Wenye magari wengi wakiiona oili hiyo hushtuka na kumgeukia fundi kwa macho ya kumshuku. Lakini oili ya namna hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea inavyotakiwa, maadamu imetoka. Cha kuogofya ni oili hiyohiyo kuachwa ndani ya injini hadi kilomita 5,000 kwa sababu ilinunuliwa kwa bei kubwa na mwenyewe anaona uchungu kuimwaga.

Tuchukue Hiace ya abiria inayofanya njia ya Moshi kwenda Marangu kupitia Himo. Injini yake ni 5L ya Toyota, dizeli ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, isiyo na tabo, inayojulikana sana na mafundi wa Afrika Mashariki kwa uvumilivu wake. Hata injini mvumilivu huchoka. Hiace ilianza kutoa moshi wa buluu asubuhi, ikawa inaongezwa oili kila baada ya siku chache, na mwishowe ikashindwa kupanda mlima ikiwa imejaa. Injini ikashushwa. Bloku likapelekwa kwenye mashine, silinda zikatanuliwa kwa nusu milimita, zikanunuliwa pistoni na ringi za saizi hiyo, kranki ikasagwa na kuwekewa beringi mpya, valvu zikakaliswa upya. Kwa lugha ya gereji, injini imepigwa ovaholi.

Siku ya kuiwasha mwenye gari anafika na galoni la oili ya sintetiki, ile ya bei ya juu kabisa dukani. Amekwisha tumia fedha nyingi, na anataka injini yake mpya inywe kilicho bora. Fundi mzoefu humwambia kwa upole: "Mzee, hiyo itunze nyumbani. Tutaihitaji baadaye. Leo niletee ya kawaida, tena niletee ya kutosha kumwaga mara tatu."

Ili kuelewa kwa nini fundi anasema hivyo, inabidi kuingia ndani ya silinda.

Fundi wa mashine akishaitanua silinda haiachi ikiwa laini kabisa. Huisugua kwa mawe yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, kazi inayoitwa honingi, na mawe hayo huacha mikwaruzo midogo inayokatana kwa pembe ukuta mzima. Ukiiangalia kwa tochi utaiona mistari hiyo ikipishana kulia na kushoto. Mabonde ya mikwaruzo hiyo hushika oili. Vilele vyake ndivyo vinavyosaga ringi na kusagwa na ringi, mpaka ukingo wa ringi na ukuta wa silinda viwe vimechongana na kulingana mzunguko wote. Hapo ringi imekaa. Gesi ya mlipuko haipenyi tena kushuka chini kwenye sampu, na oili ya chini haipandi tena kwenda kuungua juu.

Ringi yenyewe haina nguvu kubwa ya kujitanua. Ukiichukua mkononi unaweza kuibana kwa vidole viwili. Nguvu inayoikandamiza kwenye ukuta wa silinda hutoka kwenye mlipuko: gesi inapita nyuma ya ringi, ndani ya mfereji wa pistoni, na kuisukuma nje. Mlipuko mkubwa, msukumo mkubwa. Injini ikiwa sailensa, haina mzigo, mlipuko ni mdogo, na ringi inateleza tu juu ya vilele bila kuvisaga.

Ndiyo maana desturi moja iliyoenea sana kwenye magereji yetu huiharibu injini badala ya kuizoesha. Injini ikishafungwa huwashwa na kuachwa ikinguruma sailensa mchana kutwa, pengine hata usiku kucha, kwa imani kwamba inalainika taratibu. Kwa kuwa ringi hazijakandamizwa, oili nyingi hubaki ukutani. Joto la mwako huibabua oili hiyo, ikageuka utando mgumu unaong'aa unaojaza mabonde ya mikwaruzo. Silinda ikishapata utando huo haisagi tena chochote. Ringi zitateleza juu yake miaka yote, injini itakula oili tangu siku ya kwanza, na mwenye gari atasema fundi alimuuzia ringi feki.

Kwa dizeli kuna madhara mengine ya sailensa ndefu. Silinda isiyo na joto la kutosha haichomi mafuta yote. Dizeli iliyobaki huteremka pembeni mwa ringi ambazo bado hazijaziba, ikaingia kwenye oili. Matokeo yake ni kwamba stiki ya oili inaonyesha kiwango kimepanda, na mtu asiyejua hufurahi kwamba injini haili oili hata kidogo. Vuta stiki, nusa. Ikinuka dizeli, oili hiyo imeshakuwa nyepesi na haifai kulinda beringi hata kwa safari fupi.

Sasa turudi kwenye galoni la sintetiki. Kuna usemi uliozoeleka miongoni mwa mafundi kwamba ringi haziwezi kabisa kukaa zikiwa na oili ya sintetiki kwa sababu inateleza mno. Usemi huo umepita kiasi. Tangu mwaka 1992 gari la Chevrolet Corvette limekuwa likitoka kiwandani likiwa na sintetiki ndani ya injini, na ringi zake hukaa. Lakini kiwanda kina mashine za honingi zinazopimwa kwa vifaa vya usahihi mkubwa. Vilele vya mikwaruzo hukatwa mapema katika hatua ya mwisho, hivyo ringi hukuta kazi kubwa imeshafanyika. Bloku lililosuguliwa kwenye karakana ya mtaani huenda likawa zuri sana, huenda likawa na mikwaruzo mikali kupita kiasi au midogo kupita kiasi, na mara nyingi hakuna aliyelipima. Injini ya namna hiyo inahitaji kusagana zaidi, na inatoa uchafu mwingi zaidi.

Kwa hiyo oili ya kuzoeshea hutafutwa kwa sifa chache tu. Kwanza iwe ya madini, ya kawaida, isiyoongezwa kemikali za kupunguza msuguano kwa ajili ya kuokoa mafuta. Oili nyepesi nyepesi za petroli, za 0W-20 na 5W-30, mara nyingi huwa nazo. Pili, iwe na kinga ya kutosha ya zinki na fosforasi. Kiungo hiki hujenga tabaka jembamba juu ya chuma pale panaposuguana na kupata joto, na ndicho kinachozuia kamshafti mpya isikwanguane na vikombe vyake kabla havijazoeana. Oili za kisasa za magari ya petroli zimepunguziwa fosforasi kwa sababu huharibu kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Oili za dizeli za daraja la CF-4 na CI-4 kwa kawaida zinayo ya kutosha, na 5L haina kichujio hicho cha kuhurumiwa. Tatu, iwe ya bei ambayo mtu hatasita kuimwaga.

Marekani, Uingereza na Australia zipo oili zinazotengenezwa na kuuzwa makusudi kwa injini zilizofungwa upya. Zikipatikana ni vizuri. Zisipopatikana Moshi au Singida, oili ya madini ya dizeli ya 15W-40 yenye alama ya CI-4 au CF-4, iliyonunuliwa kwenye duka linaloaminika na galoni lake likiwa na lakiri kamili, itaifanya kazi hiyo kwa 5L. Kitu ambacho hakitakiwi kabisa ni zile chupa ndogo za dawa ya kupunguza msuguano zinazouzwa kando ya kaunta. Zinapunguza kile hasa kinachohitajika kwa saa za mwanzo.

Wanaorusha ndege ndogo wanaijua habari hii siku nyingi. Kampuni ya Lycoming, ambayo injini zake za pistoni zimo ndani ya Cessna 172 nyingi, huelekeza kwamba injini mpya au iliyofanyiwa ovaholi ipewe oili ya madini tupu kwa saa 50 za kwanza au mpaka ulaji wake wa oili utulie, ndipo ihamie kwenye oili yenye viungo vya kutawanya uchafu. Baadhi ya injini zake zenye tabo zina maelekezo tofauti, na marubani huyafuata jinsi yalivyoandikwa. Marubani pia huonywa wasiiache injini hiyo ikinguruma chini kwa muda mrefu: ipashwe, ikaguliwe, ipae, na hewani ipewe nguvu kubwa. Sababu ni ileile ya ringi kukandamizwa na mlipuko.

Kabla ya oili yoyote kumiminwa, lipo jambo linaloamua usafi wake, nalo hufanyika kwa maji na sabuni. Mawe ya honingi hukatika vipande vidogo sana ambavyo hujichimbia ndani ya mikwaruzo ya silinda. Mafundi wengi huosha bloku kwa petroli au dizeli, wakalipuliza kwa upepo, likaonekana safi. Halijawa safi. Petroli huyeyusha mafuta, lakini chenga za mawe huziacha zimekaa palepale. Kinachozitoa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, kusugua juu na chini, kuosha na kurudia.

Kipimo chake ni kitambaa cheupe. Fundi hukitia oili safi kidogo, akakipitisha ukutani kwa kukizungusha, kisha akakitazama. Kikitoka na kijivu, anarudi kwenye beseni la sabuni. Hurudia mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kisha hulikausha bloku upesi na kulipaka oili palepale, kwa sababu chuma kilichooshwa kwa sabuni hakichelewi kushika kutu. Chenga zilizobaki hapo zitasaga ringi na pistoni kwa miezi, na hakuna oili duniani itakayozifuata ndani ya mikwaruzo na kuzitoa zote.

Injini imefungwa, iko kwenye gari. Oili ya madini imetiwa hadi alama ya juu ya stiki, na filta mpya imejazwa oili kabla ya kufungwa ili pampu isianze na hewa. Fundi anachomoa waya wa soda ya kukatia mafuta kwenye pampu ya dizeli, kisha anapiga stata. Injini inazunguka bila kuwaka. Anapiga kwa sekunde 10, anaipumzisha stata, anapiga tena, mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izime. Sasa oili imefika kwenye kranki na kwenye kamshafti juu, na ndipo waya unarudishwa.

Ikishawaka haiachwi sailensa. Hupandishwa mizunguko kama 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, huku watu wawili wakitazama: mmoja taa ya oili na geji ya joto, mwingine chini ya gari kama kuna mahali panapovuja. Kwenye injini za zamani ambazo kamshafti iko ndani ya bloku na kusukuma valvu kwa vijiti, kama Toyota 2F ya Land Cruiser, dakika 20 hadi 30 za mizunguko hiyo ni za lazima, kwa kuwa kamshafti yao hupata oili kwa kurushiwa na kranki inapozunguka kwa kasi. Kwenye 5L kamshafti iko juu ya silindahedi na inaletewa oili na pampu. Maji yakishapata moto na kukiwa hakuna kinachovuja, hakuna sababu ya kuendelea kusimama. Barabara inasubiri.

Njia ya Hiace hii ni bahati. Kutoka Moshi hadi Himo ni karibu kilomita 25 za lami zenye miinuko midogo, na kutoka Himo kwenda Marangu ni kupanda kwa kilomita zaidi ya 10. Fundi anaendesha mwenyewe, bila abiria, na injini ikiwa imepata joto kamili. Gari likiwa kilomita 40 kwa saa kwenye gia ya tatu au ya nne, anakanyaga mafuta karibu robo tatu ya pedali mpaka lifike 70 au 80, bila kuipeleka injini zaidi ya mizunguko 3,000. Kisha anaachia mguu kabisa, gari likiwa bado kwenye gia, likashuka lenyewe hadi 40. Anarudia tena mara nyingi njiani. Kukanyaga kunazikandamiza ringi. Kuachia kunazipa nafasi ya kupoa, kwa sababu pale zinaposagana joto ni kali. Kwenye injini ya petroli kuachia mguu kuna faida ya ziada: mvuto wa hewa ndani ya silinda hupandisha oili kidogo na kusuuza chenga za chuma. Dizeli haina mvuto huo, lakini inapumzika vilevile.

Kinachokwepwa siku hiyo ni kasi moja isiyobadilika kwa muda mrefu, kuvuta mzigo mzito kwa gia kubwa hadi injini itetemeke, na foleni. Fundi wa Dar es Salaam mwenye kujali humwambia mteja wake aondoke saa 10 alfajiri kuelekea Chalinze, aikwepe Kariakoo na Ubungo ya saa 2 asubuhi, ambako injini ingekaa sailensa saa nzima.

Hiace imekwenda Marangu na kurudi, safari isiyofika kilomita 100. Inaingia gereji ikiwa ya moto, na hapohapo nati ya sampu inafunguliwa.

Huu ndio umwagaji wa kwanza, na ndio wenye thamani kuliko yote. Sehemu kubwa ya chuma ambacho injini itakitoa katika kuzoeana hutoka kwenye saa hizi chache za mwanzo. Oili ikiwa ya moto chuma hicho bado kinaelea. Ikipoa usiku kucha kinatulia chini ya sampu na kubaki hapo. Mtu anaweza kuuliza, filta ina kazi gani? Filta ya karatasi hukamata chenga kubwa, lakini vumbi la chuma lililo jembamba kuliko unywele hupita. Nafasi kati ya kranki na beringi ni sehemu chache za mia za milimita, na vumbi hilo linaingia humo bila shida. Tena, ndani ya filta kuna valvu ya dharura inayofunguka oili ikiwa nzito kwa baridi au karatasi ikiwa imeziba, ili injini isikose oili. Ikifunguka, oili hupita bila kuchujwa. Kila asubuhi ya kuwasha ni nafasi ya uchafu kurudi kwenye beringi.

Filta ile ya kwanza haitupwi hivihivi. Fundi huikata kwa mkasi wa bati, kamwe si kwa msumeno, kwa sababu msumeno humwaga chenga zake mwenyewe ndani na kuvuruga ushahidi. Karatasi huchomolewa, hukamuliwa, hutandazwa juani. Mng'ao wa kijivu ulioenea kote, usioshikika kwa vidole, ni wa kawaida. Sumaku ikipitishwa itazoa unga mweusi kidogo. Hiyo ni chuma cha ringi na silinda, na si habari mbaya. Vipande vyenye umbo, vinavyong'aa na visivyoshikwa na sumaku, ni vya beringi au pistoni, na hapo moyo lazima udunde. Vikiwa na rangi ya shaba maana yake tabaka la juu la beringi limekwisha liwa hadi la chini, na gari halitakiwi kurudi barabarani bila sampu kushushwa.

Kuna kitu kingine ambacho huonekana kwenye karatasi hiyo: vinyuzi laini vya silikoni. Hutoka kwenye gundi ya sampu iliyopakwa kwa ukarimu kupita kiasi. Kilichobanwa nje kinaonekana na kufutwa. Kilichobanwa ndani kinakatika, kinaelea, na huweza kuziba wavu wa pampu ya oili. Ikionekana silikoni nyingi, ni heri kushusha sampu wakati huo kuliko kusubiri taa ya oili iwake Himo ikiwa na abiria 14.

Oili ya pili ni ileile ya madini, na filta mpya. Gari sasa linaruhusiwa kufanya kazi nyepesi, abiria wachache, milima kama kawaida, lakini bila kukimbizwa. Inamwagwa likifikisha kilomita 500. Wingu la fedha litakuwa limepungua sana. Lisipopungua, au likiongezeka, kuna kitu kinaliwa ambacho hakipaswi kuliwa, na kuendelea kumwaga oili hakutakiponya. Oili ya tatu huingia hapo na kutoka kwenye kilomita 1,500. Mafundi hutofautiana kwa tarakimu hizi. Wengine humwaga mara baada ya injini kuwashwa dakika 30 tu kabla haijatoka gereji, wengine husogeza ya pili hadi 800. Maelekezo yaliyokuja na ringi au pistoni yakitaja umbali wake, hayo ndiyo ya kufuata. Wanachokubaliana ni kwamba ya kwanza inatoka mapema mno na zinazofuata zinapeana nafasi zaidi na zaidi.

Ushauri huu si wa gari jipya la dukani. Honda, kwa mfano, huwaambia wanunuzi wasiimwage oili ya kiwandani kabla ya wakati uliopangwa, na kuna sababu: kiwanda kimeijaza oili hiyo kikijua usafi wa injini yake na viungo ilivyowekewa. Injini iliyofungwa chini ya mwembe, hata na fundi hodari, haina historia hiyo.

Jinsi ya kujua kama ringi zimekaa haihitaji kifaa cha bei. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, stiki huvutwa na kiwango kuandikwa pamoja na kilomita. Kilomita 500 za kwanza injini inaweza kula oili kidogo, na moshi mwepesi wa buluu ukaonekana ikiwashwa. Kisha ulaji unapungua na kusimama. Fundi pia hufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa ya moto na inanguruma. Pumzi ndogo ni ya kawaida kwa dizeli. Ikitoka kwa nguvu ya kukirusha kifuniko kilichowekwa juu bila kukazwa, gesi inapita kwenye ringi.

Ikiwa hali hiyo inaendelea hadi kilomita 2,000 au 3,000, moshi upo, stiki inashuka, pumzi ni kali, silinda zina utando. Wapo watakaomshauri mwenye gari abadilishe oili iwe nzito zaidi. Oili nzito hupunguza moshi kwa muda, na ringi zinabaki vilevile. Njia iliyopo ni kushusha silindahedi na sampu, kutoa pistoni, kuzisugua silinda upya kwa honingi nyepesi, kuosha kwa sabuni, kuweka ringi mpya na kuanza tena kwa oili ya madini. Gharama yake ni gasketi, ringi na siku kadhaa za gari kulala, na yote huanzia kwenye usiku mmoja wa sailensa.

Hiace ya Marangu ilipofika kilomita 1,500 stiki yake ilikuwa haijashuka kwa siku kadhaa mfululizo. Oili ya tatu ilitoka nyeusi, kama oili ya dizeli yoyote inavyokuwa kwa masizi, na kwenye beseni juani hakuna kilichong'aa isipokuwa chembe mbili tatu. Hapo mwenye gari anaweza kuendelea na 15W-40 ya madini kila kilomita 5,000, na kwa 5L inayopanda mlima kila siku huo ni mpango mzuri. Akitaka kuifungua ile sintetiki aliyoitunza nyumbani, wakati wake umefika. Ila aangalie kwanza kwamba galoni limeandikwa daraja la dizeli, na unene wake uwe ule unaotajwa kwenye kitabu cha gari.